MADA YA 9: UPATU HARAMU NA PROGRAMU ZA "FAIDA YA KILA SIKU"

Ukimaliza mada hii uweze: (a) kutofautisha upatu wa kijumbe na upatu haramu wa piramidi; (b) kuonyesha kwa hesabu kwa nini upatu haramu lazima uanguke; (c) kuhoji tangazo la uwekezaji na kutoa uamuzi wenye sababu.

9.1 Maana

Neno "upatu" hutuchanganya kwa sababu lina matumizi mawili. Upatu wa kijumbe ni ule ambao wanawake kumi sokoni Mwanjelwa, Mbeya, wanachanga sh. 10,000 kila wiki na mmoja wao anapokea sh. 100,000 kwa zamu. Baada ya wiki kumi kila mmoja ametoa 100,000 na amepokea 100,000. Hakuna aliyeahidiwa faida, wanachama wanajuana, na idadi yao haihitaji kuongezeka.

Upatu haramu wa piramidi ni mpango unaoahidi faida lakini hauna biashara inayoizalisha. Aliyetangulia hulipwa kwa fedha ya aliyemfuata. Wapya wakikoma kuingia, malipo nayo hukoma.

9.2 Mifano ya Tanzania

DECI ilianza kufanya kazi mwaka 2007, makao yake yakiwa Mabibo, Dar es Salaam, kisha ikaenea mikoani. Mwanachama "alipanda mbegu", yaani alitoa fedha, akasubiri "kuvuna" kiasi kikubwa kuliko alichotoa. Angalia uteuzi wa maneno hayo. Mkulima anajua kwamba mbegu huzaa, kwa hiyo hakuuliza ni shamba lipi lililozaa fedha hizo. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha mpango huo, na viongozi wake wakafikishwa Mahakama ya Kisutu kwa makosa mawili: kuendesha upatu, na kupokea amana za watu bila leseni. Mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani.

Siku hizi mbegu imekuwa programu ya simu. Mtu hulipia "ngazi", kila siku anabonyeza matangazo au video, na salio lake kwenye kioo linapanda. Mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha umma kuhusu LBL, iliyojulikana pia kwa jina la Leo Beneath London, ikieleza kuwa haikuwa na leseni yake. Sura imebadilika, lakini fedha bado inatoka mfukoni mwa mwanachama mpya.

9.3 Mfano uliofanyiwa kazi

Programu ya kubuni inasema: "Lipa sh. 50,000. Utapata sh. 2,500 kila siku kwa siku 60."

Hatua ya 1. Tafuta ahadi yote: 2,500 × 60 = sh. 150,000.

Hatua ya 2. Linganisha na kiingilio: 150,000 ÷ 50,000 = 3. Kwa kuwa hakuna biashara nyingine, kumlipa mwanachama mmoja kunahitaji viingilio vya watu watatu. Hapa tunachukulia kwamba kiingilio chake mwenyewe kimeshatumika kuwalipa waliomtangulia.

Hatua ya 3. Panga tabaka za wanachama. Wakianza watu 10, wanaofuata lazima wawe 30, kisha 90, 270, 810, 2,430, 7,290, 21,870, 65,610 na 196,830. Huu ni mfuatano wa jiometri ambao uwiano wake ni 3. Tabaka la kumi linakaribia idadi ya wakazi wote wa Manispaa ya Iringa, watoto wachanga wakiwemo. Tabaka la kumi na moja, watu 590,490, linazidi wakazi wa Jiji la Mbeya kwa hesabu ya sensa ya 2022.

Hatua ya 4. Tafuta wanaopoteza. Chukua tabaka nne za kwanza: 10 + 30 + 90 + 270 = 400. Mpango ukisimama hapo, watu 270 wa mwisho hawana wa kuwalipa. Hao ni zaidi ya theluthi mbili ya wote. Usimame mapema au uchelewe, sehemu hiyo haishuki chini ya theluthi mbili, kwa sababu tabaka la mwisho siku zote ndilo kubwa.

Kumbuka kwamba hatujatoa fungu la mwenye programu wala zawadi ya aliyeleta mtu. Ukivitoa, mpango huanguka haraka zaidi.

9.4 Jinsi ya kuutambua

Anza na swali moja: faida inatoka wapi? Mkulima wa viazi wa Uyole husubiri miezi mitatu au minne, naye anaweza kukuonyesha shamba, mbolea na mnunuzi. Anayekuahidi asilimia 5 kwa siku akuonyeshe mteja ambaye si mwanachama. Kama fedha yote inaingia kutoka kwa wanachama, umeshapata jibu.

Swali la pili: ana leseni ya kazi gani? Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa. Namba ya mlipakodi inathibitisha kwamba inajulikana na TRA. Hakuna kati ya hivyo kinachoruhusu kupokea amana za watu. Leseni hiyo hutolewa na Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini. Uwekezaji wa hisa na vipande husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ulizia huko kabla ya kulipa.

Watahiniwa wengi hukosea hapa: huandika kwamba mpango ni wa kweli kwa sababu "fulani amelipwa". Malipo ya mwanzo ndiyo chambo. Kumrudishia mtu sh. 2,500 kwa siku ishirini kunatumia sh. 50,000 yake mwenyewe, na katika siku hizo ishirini atakuwa ameshawaita dada yake na jirani yake.

Dalili za mwisho nazo hufanana. Kutoa fedha kunasimama kwa madai kwamba "mfumo unaboreshwa", huku kuweka fedha kukiendelea. Baadaye unaambiwa ulipe "kodi" ili salio lifunguliwe. Usilipe. Salio linaloonekana kwenye kioo ni tarakimu tu hadi liwe kwenye akaunti yako ya simu au benki. Tunza ujumbe wa miamala na namba ulizotumia kulipa, kisha toa taarifa polisi.

9.5 Swali la mfano

Mama muuza mchele Iringa ana sh. 200,000 alizoweka kwa mahitaji ya binti yake wa kidato cha tano. Rafiki anamshauri aziweke kwenye programu kwa siku 25 tu "atoke mapema". Toa sababu mbili za kumkataza. (Alama 4)

Jibu: (i) Hakuna anayejua siku ya kuanguka isipokuwa anayeshika fedha, na yeye hufunga kutoa kabla hajatangaza. Mpango wa kutoka mapema unategemea taarifa ambayo mama hana. (ii) Hata akifanikiwa, faida yake ni hasara ya aliyeingia baada yake, na akiwa amemwalika yeye, atadaiwa na huenda akahojiwa kwa kushiriki kuendesha upatu.

9.6 Zoezi

1. Programu inatoza sh. 30,000 na kulipa sh. 1,500 kwa siku 80. Viingilio vya watu wangapi vinahitajika kumlipa mwanachama mmoja? (Jibu: 4)

2. Kwa uwiano huo, wakianza watu 5, tabaka la sita lina watu wangapi? (Jibu: 5,120)

3. Eleza kwa nini upatu wa kijumbe wa watu kumi hauanguki kwa sababu ya kukosa wanachama wapya.