Chambua mahindi kabla hayajafika mashineni

Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara, Kiteto ikiwemo, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu iliyowaua ilikuwa aflatoksini, na tangu hapo ndiyo inayotajwa kila sumukuvu zinapozungumzwa. Ipo nyingine iitwayo fumonisini, ambayo haiangushi mtu kwa siku moja, na kwa sababu hiyo haisikiki. Kwa kaya ya Babati inayokula ugali mchana na usiku, na mtoto wake akanywa uji asubuhi, hii ya pili inastahili kujulikana vizuri zaidi.

Fumonisini ilitambuliwa na watafiti wa Afrika Kusini mwaka 1988. Inatengenezwa na kuvu wa jamii ya fusari, anayeota kwenye gunzi likiwa bado shambani. Watu wengi wanadhani mahindi huharibika yakiwa ghalani tu, ndiyo maana wanawekeza kwenye mifuko isiyopitisha hewa na kusahau shamba. Watafiti wa mradi wa Africa RISING walipopima mahindi ya wilaya ya Babati kabla ya kuvunwa, sumu ilikuwa tayari imo. Bungua anapotoboa gunzi, au mvua inapolikuta limekomaa na bado limesimama, kuvu hupata mlango. Desturi yetu ya kuyaacha mahindi yakaukie shambani pamoja na mbaazi huurefusha muda huo, hasa upande wa milimani kwenye ukungu na manyunyu.

Ghala nalo lina lawama yake, ila ina mpaka. Fusari anahitaji unyevu mwingi, kwa hiyo mahindi yaliyokauka chini ya asilimia 13.5 hayamwezeshi kutengeneza sumu mpya. Kupima hakuhitaji kifaa: weka chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu, jaza punje hadi theluthi moja, funga, tikisa dakika chache, kisha uache zitulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Lakini sumu iliyokwisha kuingia haiondoki kwa kukausha, wala kwa mfuko wa kisasa, wala kwa moto wa ugali. Kusonga hakuiui.

Sumu hii inahusishwa na udumavu wa watoto, na ushahidi wa karibu zaidi unatoka Rombo, Kilimanjaro. Mtafiti Martin Kimanya na wenzake waliwafuatilia watoto wachanga 215 na kupima unga uliotumika kwenye uji wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliokula fumonisini kupita kiwango kinachokubalika walikuwa, wakifika miezi 12, wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Huku kwetu Manyara, watoto wa Haydom walipimwa mkojo na wengi wao wakakutwa na sumu hiyo. Waliokuwa nayo zaidi walielekea kuwa na uzito pungufu. Huo ni uhusiano, haujawa hukumu. Nyumba yenye mahindi mabovu mara nyingi ndiyo hiyo hiyo yenye maji machafu na mboga chache, na si rahisi kutenganisha kipi kimemdumaza mtoto.

Kiwango kinachokubalika ni mikrogramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 10 ana haki ya mikrogramu 20 tu. Tuseme unga wenu una miligramu 1 ya fumonisini kwa kilo, yaani nusu ya kikomo cha miligramu 2 kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi. Kila gramu ya unga huo ina mikrogramu 1. Gramu 20 zinatosha kumfikisha mtoto ukingoni, na akila gramu 100 kwa siku amepita mara tano. Kwa maoni yangu kikomo hicho kinamfaa mlaji wa mahindi mara moja moja, si mtoto ambaye chakula chake chote ni mahindi.

Kwa upande wa ujauzito, kisa kinachotajwa sana ni cha Texas, mpakani na Meksiko. Mwaka 1990 na 1991 walizaliwa watoto wengi kuliko kawaida wenye mgongo wazi, na wengine bila sehemu ya ubongo na fuvu. Mama zao walikuwa walaji wakubwa wa mikate ya mahindi, na mahindi ya kipindi hicho yalikuwa na fumonisini nyingi. Sumu hii huzuia seli kutengeneza aina fulani ya mafuta ya utando wake, na utando ukiharibika, foliki asidi inashindwa kuingia ipasavyo. Kwa panya wa maabara madhara hayo yameonekana wazi. Kwa binadamu bado ni shaka nzito. Mfereji wa uti wa mgongo wa mimba hufunga ndani ya siku 28 hivi za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Kwa hiyo anayetarajia kushika mimba aulize kituo cha afya kuhusu vidonge vya foliki asidi mapema, asingoje hudhurio la kwanza la kliniki. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida haujaongezwa virutubishi.

Dawa kubwa ni mikono. Katika kijiji kimoja cha Afrika Kusini, watafiti waliwaonyesha akina mama kuondoa punje mbovu na kuosha zilizobaki. Punje zilizotolewa zilikuwa kama asilimia 4 tu ya uzito, lakini zilibeba takriban asilimia 71 ya sumu; kuosha kwa maji ya kawaida dakika 10 kukapunguza asilimia 13 nyingine. Kwa debe la kilo 20 unatoa gramu 800 hivi na unabaki na chakula karibu chote.

Anza na magunzi kabla ya kupukuchua: yenye utando mweupe au wa waridi, au yaliyotobolewa, weka kando. Kisha chambua punje kwenye ungo mahali penye mwanga. Toa zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika, na zenye mistari myeupe inayotawanyika kutoka kileleni. Mahindi utakayoosha yawe yale ya wiki hiyo tu, na yaanikwe kwenye turubai yakauke kabla ya kwenda mashineni. Punje nzuri kwa macho inaweza kuwa na sumu kidogo, hivyo uchambuzi hupunguza, haumalizi.

Kukoboa husaidia pia, maana sumu hukaa zaidi kwenye pumba na kiini. Ila sembe hupoteza virutubishi, na mimi ningependelea dona iliyochambuliwa vizuri kuliko sembe ya mahindi yasiyochambuliwa. Kwa uji wa mtoto, changanya na ulezi au mtama, mahindi yasiwe peke yake. Karanga za uji huo nazo zichambuliwe, kwa sababu ya aflatoksini.

Punje mbovu zisiende kwenye pombe ya kienyeji wala kwa mifugo. Nguruwe akizila kwa wingi mapafu yake hujaa maji, na punda huharibika ubongo, huyumba na kufa. Zifukieni au zichomeni mbali na mifugo.