Kreatini ya Dumu la Siku Tano

Tuseme kijana wa Kabungu anayebeba chuma amepita Mpanda mjini akanunua kopo la unga mweupe wa kreatini. Kijiko kilichomo ndani ya kopo hubeba gramu 5, yaani dozi ya siku moja. Hataki kukoroga kila siku. Anachukua dumu safi, anatia maji lita mbili na nusu, anapima vijiko vitano, anatikisa. Ladha ikimkera anakamulia ukwaju. Dumu linakaa pembeni ya mlango, na kila jioni anajimiminia nusu lita.

Siku ya kwanza anakunywa alichokinunua. Kufikia siku ya nne, sehemu ya unga ule imeshageuka kitu kingine kiitwacho kreatinini. Majina yanafanana mno, ila kazi zao haziingiliani. Kreatini ni akiba ya nguvu inayokaa kwenye misuli, nayo imo katika nyama na samaki. Kreatinini ni mabaki yasiyo na kazi, na figo huyatoa kwa mkojo.

Mgeuko huo hausababishwi na wadudu wala uchafu. Kreatini inajigeuza yenyewe. Molekuli yake ni kama kamba fupi yenye naitrojeni upande mmoja na sehemu ya asidi upande wa pili. Ikiwa majini inaelea na kujipinda huku na huku, na mara mojamoja ncha hizo mbili hugusana. Zikishikana, kamba inakuwa pete na tone moja la maji, kwa maana ya molekuli moja, linadondoka. Pete hiyo ndiyo kreatinini. Ni kama nyoka aliyeuma mkia wake, isipokuwa huyu akishauma haachii kirahisi.

Ndiyo maana unga mkavu hauna shida hiyo. Katika chembe kavu molekuli zimepangwa na kubanana kama matofali ya tanuru, hazina nafasi ya kujipinda. Unga uliofungwa vizuri umepimwa ukakutwa mzima baada ya zaidi ya miaka mitatu, hata ukihifadhiwa kwenye nyuzi joto 40. Joto la Mpanda la Septemba na Oktoba, ambalo huwachosha watu na mifugo, haliuharibu unga ulioko kwenye kopo kavu. Kinachoanzisha safari ni kuyeyuka.

Baada ya kuyeyuka, mwendo unategemea mambo mawili: joto, na ukali wa asidi. Joto ni rahisi kueleweka, kwa kuwa molekuli zikichangamka hujipinda mara nyingi zaidi. Asidi ndiyo yenye kisa. Wapimaji waliacha kreatini kwenye maji ya nyuzi joto 25 kwa siku tatu. Maji yalipokuwa karibu na hali ya kawaida, yaani pH 6.5 hadi 7.5, hasara ilikuwa ndogo kiasi cha kutoonekana. Yalipofikia pH 5.5 zilipotea takriban asilimia 4. Kwenye pH 4.5 zikapotea asilimia 12, na kwenye pH 3.5 asilimia 21.

Maji ya limao na ya ukwaju huangukia huko chini kwenye asidi. Kwa hiyo dumu la yule kijana, likiwa na ukwaju wa kutosha kufikia pH 3.5, linaweza kumpa siku ya nne kama gramu 4 badala ya 5, hata kama chumba ni cha nyuzi 25 tu. Mlangoni, ambako jua la mchana linapiga, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Angetumia maji matupu na kuliweka dumu kivulini, siku tatu zisingemgharimu kitu cha kuonekana. Hasara ingejikusanya polepole kadiri siku zinavyozidi.

Hapo mtu huuliza: kama asidi inaharibu, tumboni je, kwenye asidi kali kuliko limao? Ajabu ni kwamba asidi ikiwa kali mno, chini ya pH 2.5 hivi, mgeuko hupungua tena, kwa sababu ile ncha ya naitrojeni inakuwa imeshikiliwa na haiwezi kuufikia mkia. Isitoshe, kinywaji hakikai tumboni siku tatu. Kreatini iliyonywewa mara tu baada ya kukorogwa hufika kwenye damu karibu yote ikiwa nzima.

Jicho halisaidii. Kreatinini haina rangi, na maji yaliyojaa hiyo ni meupe vilevile. Chenga zinazotulia chini ya dumu huwatia watu wasiwasi bure. Lita moja ya maji ya nyuzi joto 20 huyeyusha gramu 14 hivi za kreatini, na kwenye baridi ya friji hubeba gramu 6 tu. Anayeweka chupa yake kwenye friji ataona punje zikirudi chini. Hiyo ni kreatini nzima iliyokosa nafasi ya kuyeyuka, inatikiswa na kunywewa. Kumwaga zile punje ni kumwaga ile sehemu iliyo salama kuliko zote. Harufu ya kuchacha, povu au utelezi ni habari nyingine kabisa: hao ni vijidudu, nao ni sababu tosha ya kumwaga dumu lote, kwani kuhara hakungoji mtu apime asilimia.

Matatizo haya yaliwashinda hata watengenezaji. Mwaka 2004 Roger Harris, mtafiti wa Uingereza ambaye mwaka 1992 alionyesha kwamba kumeza kreatini kunaongeza akiba ya misuli, alichapisha na wenzake vipimo vya kreatini iliyouzwa ikiwa tayari ni kimiminika. Walikuta humo sehemu ndogo mno ya kiasi kilichotangazwa. Mnunuzi wa chupa kama hiyo analipia kreatini na kubeba maji.

Je, kreatinini iliyonywewa inadhuru? Kwa mwenye figo nzima, hapana. Mwili wake wenyewe hugeuza kila siku kati ya asilimia 1 na 2 ya kreatini yake. Kwa mwanaume mwenye kilo 70 hiyo ni kama gramu 2 zinazotoka kwa mkojo. Shida huja kwenye maabara. Daktari anayechunguza figo hupima kreatinini kwenye damu, kwa kuwa figo zikichoka, mabaki hayo hupanda. Mwaka 1886 Max Jaffe alionyesha kwamba kreatinini hugeuza asidi ya pikriki kuwa ya rangi ya chungwa iliyoiva, na njia hiyo bado hutumika katika maabara nyingi. Rangi hiyo haijui kama kreatinini imetoka kwenye misuli, kwenye sahani ya nyama iliyopikwa au kwenye dumu la siku tano. Kijana aliyekunywa glasi ya siku ya tano asubuhi ya kipimo anaweza kurudi na namba iliyopanda huku figo zake zikiwa hazina neno. Asiposema anatumia nini, atarudishwa kupima tena, na nauli ya kwenda mjini ni ileile.

Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito au mtoto hatakiwi kuanza unga huu kabla ya kumwona mtoa huduma wa afya. Kwa wengine, kopo likae limefungwa, kijiko kiwe kikavu, na glasi ikorogwe siku ileile ya kunywewa. Anayetaka ukwaju autie dakika ya mwisho, akiwa ameshaishika glasi mkononi.