Kukata nywele kwa maski ya leya: maswali na majibu

Nikikata picha ya mtu mwenye afro, ukingo wa nywele hutoka kama kofia. Nakosea wapi?

Unatafuta mstari mahali pasipo na mstari. Unywele mmoja mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli, hivyo pikseli za ukingoni hubeba rangi ya nywele na rangi ya ukuta kwa pamoja. Ukiilazimisha kila moja iwe ndani au nje, kofia haiepukiki. Maski ya leya ina njia ya tatu: nyeupe huonyesha, nyeusi huficha, na kijivu huonyesha kiasi. Katika picha ya biti 8 kuna ngazi 256 kutoka nyeusi hadi nyeupe, na kazi yote ya nywele imo katika hizo za kati. Kuna watakaosema Feather nayo huleta kijivu. Ni kweli, lakini hukimwaga sawasawa ukingo mzima, bega na nywele pamoja, bila kujua unywele umepita wapi. Unachopata ni ukungu.

Kijivu sahihi nikitoe wapi?

Kwenye picha yenyewe. Chukua mfano wa mwanamke mwenye afro ya kahawia iliyokolea, amesimama mbele ya ukuta wa kijivu hafifu. Fungua paneli ya Channels, utazame chaneli moja moja. Kahawia huakisi buluu kidogo, ilhali ukuta wa kijivu huakisi rangi zote karibu sawa, kwa hiyo tofauti ya nywele na ukuta huwa kubwa zaidi kwenye Blue. Iburute chaneli hiyo hadi alama ya chaneli mpya ili upate nakala. Ukihariri ile ya asili utaharibu rangi za picha.

Kwenye nakala bonyeza Ctrl+L kufungua Levels. Sogeza kitelezi cheusi mpaka kiini cha nywele kiwe cheusi, na cheupe mpaka ukuta ukaribie weupe, kisha usimame hapo. Wengi huendelea kubana mpaka kijivu kiishe, wakapoteza kile kile walichokuja kukitafuta. Ukibana kupita kiasi, ncha za nywele hukatika na kuwa nukta. Madoa yaliyobaki ukutani yapitie kwa brashi nyeupe iliyowekwa Mode: Overlay, hiyo hung'arisha kijivu chepesi na kuacha nyeusi kamili ilivyo, hivyo unaweza kupita karibu na nywele. Uso na nguo zipake nyeusi kwa brashi ya kawaida. Mabega usiyaachie chaneli: yana mstari halisi, yafuate kwa Pen Tool, kisha ujaze nyeusi ndani na nyeupe nje.

Sasa geuza kwa Ctrl+I, mtu awe mweupe. Bofya kijipicha cha chaneli hiyo huku umeshika Ctrl, bofya RGB, rudi kwenye Layers, na ubonyeze Add layer mask. Ukibofya maski huku umeshika Alt utaiona peke yake, na makosa mengi hujitokeza hapo.

Select Subject na Select and Mask hazitoshi?

Kwa picha ndogo ya tangazo, mara nyingi zinatosha, na sioni fahari ya kuhangaika bure. Pitisha Refine Edge Brush ukingoni mwa nywele tu, kwani ukiigusisha shavu au kola itatoboa ngozi na nguo. Ila hukisia kijivu, na nywele za koili zilizoshikamana huzichanganya. Njia ya chaneli hupima mwanga uliopo. Lakini nayo hushindwa ukuta ukiwa mweusi kama nywele: hakuna tofauti, hakuna cha kupima. Hapo zana zile huwa msaada, na pengine utachora nywele kadhaa kwa mkono.

Nimemweka kwenye kijani kilichokolea, na nywele zina utando mweupe. Nibane maski zaidi?

Hapana, utarudi kwenye kofia. Maski inaweza kuwa sahihi kabisa na utando ukabaki, kwa sababu maski hupunguza pikseli lakini haiondoi rangi ya ukuta iliyochanganyika ndani yake. Decontaminate Colors hubadilisha rangi hizo, ndiyo maana hutoa matokeo kwenye leya mpya. Mimi napendelea leya tupu juu ya picha, niibane kwa Ctrl+Alt+G, niiweke Darken, kisha nichukue rangi ya nywele palipo karibu na ukingo na kupaka kwa brashi laini. Darken hugusa tu kilicho cheupe kuliko rangi hiyo. Wanaoshauri Color husahau kwamba hali hiyo huacha mwangaza ulivyo, kwa hiyo utando hubaki mweupe, ila wenye ukahawia.

Na picha iliyotumwa kwa simu?

Mbano wa JPEG mara nyingi hupunguza maelezo ya rangi, na chaneli ya Blue huumia kuliko Green. Ikuze hadi 200%: ukiona vijiraba kwenye ncha za nywele, tumia Green hata kama tofauti yake ni ndogo, au omba faili la asili.