Mke asiwe shahidi wa wosia

Swali: Nina mke na watoto watatu, na nyumba Nakuru. Je, mke wangu aweza kuwa shahidi wa wosia wangu? Ndugu zangu wasema kuuzungumzia ni kujiitia kifo.

Jibu: Asiwe shahidi. Sheria ya Urithi ya Kenya yataka utie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie zao mbele yako. Shahidi aliyeachiwa mali hupoteza alichoachiwa, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Hasara hiyo humpata hata mwenzi wake: mkwe wako akitia sahihi, mwanao ndiye anayekosa. Tumia majirani wawili. (Waislamu hufuata sharia yao ya mirathi.)

Kuhusu kujiitia kifo, ukimya hauondoi madai ya mali, huyaahirisha tu. Mtegemezi aliyesahauliwa, tuseme mtoto wa nje, aweza kwenda mahakamani kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa, na hakimu akaugawa upya urithi uliodhani umekwisha kugawanywa. Utasema kutaja mgao mapema kutaleta ugomvi. Huenda, lakini ungali hai kueleza sababu na kurekebisha. Wosia wako waweza kuubadilisha wakati wowote ukiwa na akili timamu.