Saa ya DS3231 kwa kivungulio kisicho na mtandao

Kivungulio chetu cha nyanya kiko Bahati, nje kidogo ya Nakuru. Maji hushuka kutoka kwenye tangi lililoinuliwa, na Arduino Uno hufungua vali ya umeme saa kumi na mbili unusu asubuhi kwa dakika ishirini. Sehemu ngumu ni kuijulisha Arduino kwamba sasa ni saa kumi na mbili unusu. Haina saa ya ndani inayoendelea stima ikikatika. Ikiwashwa upya huanza kuhesabu kutoka sifuri, na stima iliyokatika na kurudi saa nane mchana inaweza kuhamisha umwagiliaji hadi jioni, udongo ukalala umelowa na baka likapata nafasi. Hata stima isipokatika, mapigo ya Uno hutoka kwenye kipande cha kauri kinachoweza kukosea nusu asilimia, yaani kama dakika saba kwa siku.

Simu zina saa ya mtandao, lakini sikutaka vali itegemee bando na mnara. Nilichagua moduli ya DS3231. Ile ya zamani, DS1307, hutegemea kristali ya nje isiyofidiwa joto. Kristali ya aina hiyo hutengenezwa iende sawa kwenye nyuzi 25, na huchelewa penye baridi na penye joto pia. Huku kwetu usiku ni baridi na mchana ndani ya plastiki ni joto kali, kwa hiyo inachelewa pande zote mbili. DS3231 hupima joto lake yenyewe na kujirekebisha. Kati ya nyuzi 0 na 40, kosa lake halizidi kama dakika moja kwa mwaka. Ukiona DS3231M kwenye chipu, hiyo ni ndugu yake, na kosa lake linaweza kufika dakika mbili na nusu. Kwa nyanya zote mbili zinatosha.

Nyaya ni nne tu: VCC kwenye 5V, GND kwenye GND, SDA kwenye A4 na SCL kwenye A5.

Kabla ya kuweka betri, simama kidogo. Moduli nyingi za bei nafuu, zilizoandikwa ZS-042, zina njia ya kuchaji betri, yaani dayodi ndogo na risista yenye alama 201. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya LIR2032, ambayo huchajiwa. Betri inayopatikana madukani ni CR2032, nayo haichajiwi. Ukiilazimisha itavimba na kuvuja, na inaweza hata kupasuka. LIR2032 nayo haiko salama hapo, kwa sababu kikomo chake ni volti 4.2 na moduli ya volti 5 inaweza kukipita.

Kujua ni rahisi. Washa moduli kwa volti 5 bila betri, kisha pima kwa multimita kati ya ncha mbili za kishikio. Ukisoma zaidi ya volti 4, njia ya kuchaji iko. Zima umeme, pasha risista ile ya 201 kwa chuma cha kulehemu mpaka iteleze itoke, kisha pima tena. Ukitumia ESP32 na kuipa moduli volti 3.3, dayodi hupunguza hadi kama 2.7, chini ya betri yenyewe, basi hakuna kinachochajiwa.

Kuweka saa, tumia maktaba ya RTClib katika programu ndogo ya mara moja:

```
rtc.adjust(DateTime(F(__DATE__), F(__TIME__)));
```

Mstari huu huchukua saa ya kompyuta wakati programu inapotafsiriwa. Usiuache ndani ya programu ya kudumu, maana kila stima inaporudi utairudisha saa kwenye siku ile ile uliyoipakia. Mifano mingi huuweka ndani ya sharti la `lostPower()`, lakini betri ikifa baada ya mwaka, saa itapewa tarehe ya mwaka jana na vali itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi napendelea vali ibaki imefungwa na taa iwake:

```
if (rtc.lostPower()) {
  digitalWrite(VALI, LOW);
  digitalWrite(TAA, HIGH);
  while (true) {}
}
```

Kumbuka pia kwamba programu husoma saa kwa mtindo wa 24: saa kumi na mbili unusu asubuhi ni `hour() == 6` na `minute() == 30`. Kenya haibadilishi saa kwa misimu, kwa hiyo hakuna hesabu nyingine.

Kujaribu, chomoa kila kitu jioni na uwashe asubuhi. Saa ikiwa sawa na ya simu, betri inafanya kazi. Ikianza na mwaka 2000, angalia kama betri imewekwa upande wake na kama inagusa kishikio.

CR2032 nzuri hukaa miaka kadhaa hapo, kwa kuwa chipu hunyonya mikroampia chache tu. DS3231 huhitaji angalau volti 2.3 kutoka kwenye betri, hivyo pima mara moja kwa mwaka na uibadilishe ikishuka chini ya 2.7. Fanya hivyo stima ikiwa imewashwa, ili saa isisimame.