Sukari Sawa, Insulini Nyingi

Tuchukue mfano wa mkulima wa Sibwesa mwenye kitambi. Asubuhi, kabla hajala, sukari ya damu yake ni milimoli 5 kwa lita, yaani ya kawaida. Lakini insulini yake ni maikroyuniti 18 kwa mililita: ini na misuli vimekuwa vizito kuiitikia, hivyo kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi.

Kanuni iliyotolewa Oxford mwaka 1985 huzidisha vipimo hivyo viwili, kisha hugawanya kwa 22.5:

5 × 18 ÷ 22.5 = 4

Kijana mwenye afya alikadiriwa kuwa na 1. Hata hivyo, maabara hutofautiana, wala hakuna mpaka mmoja kwa wote. Tena chembe nyekundu zikipasuka safarini, kimeng'enya chake huivunja insulini, na jibu hushuka kwa uongo.