SOMO LA WIKI: Wakala wa ajira akileta nafasi isiyo na jina

Mhasibu wa kampuni ya jumla mjini Mwanza anapata ujumbe wa wakala wa ajira: ipo nafasi ya meneja wa fedha katika "kampuni kubwa", atume wasifu na mshahara wake wa sasa. Kuficha jina si ajabu. Huenda mwenye cheo hicho bado yumo kazini, au wakala anahofia mwombaji atamruka na kwenda kwa mwajiri moja kwa moja.

Hatari iko kwenye wasifu. Wakala anayelipwa pale tu mtu anapoajiriwa aweza kuusambaza kwingi, hata kwa mwajiri wa sasa wa mhasibu. Ukifika kampuni moja kupitia mawakala wawili, hao hugombea ada, na kampuni huona heri imwache mwombaji.

Jibu lenye faida ni fupi: "Asante, nafasi hii inanivutia. Kabla sijatuma wasifu, naomba kujua: kampuni imekupa kazi hii rasmi? Ni ya sekta gani, mji gani? Mshahara umepangwa kati ya kiasi gani na kiasi gani? Naomba wasifu wangu usipelekwe popote bila idhini yangu."

Mshahara wa sasa usitajwe mapema, kwani ofa huweza kupimwa kwa huo badala ya uzito wa kazi. Wakala mwenye kazi mkononi hujibu mengi hata akibana jina, na hulitaja kabla ya kupeleka wasifu. Anayekwepa maswali yote huenda anakusanya wasifu tu. Anayemdai mwombaji ada aachwe, maana kwa kawaida mlipaji ni mwajiri.